Sitiari ya Balbu katika Usomaji wa Picha za Eksirei: Kutofautisha Mteguko wa Bega wa Mbele na wa Nyuma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna picha za eksirei zinavyotumika kutofautisha mteguko wa bega wa mbele na ule wa nyuma. Mkazo umewekwa kwenye dalili inayojulikana kwa sitiari ya balbu. Inaelezwa kuwa sitiari hiyo hutaja mzunguko wa kichwa cha mfupa wala si mahali kilipo, na kwamba kutozingatia tofauti hiyo huzaa makosa ya aina mbili. Hoja inafafanuliwa kwa mfano mmoja uliobuniwa kwa ajili ya maelezo.

1.0 Utangulizi

Kiungo cha bega hukutanisha kichwa cha mviringo cha humerasi, yaani mfupa wa sehemu ya juu ya mkono, na kishimo kifupi kilichopo pembeni mwa kombe la bega. Kwa kuwa kishimo hicho ni kidogo kuliko kichwa chenyewe, bega huweza kuzunguka pande nyingi, lakini pia huteguka kwa urahisi. Mara nyingi kichwa hutokea mbele. Mteguko wa nyuma ni wa nadra, kiasi cha wagonjwa 2 hadi 4 katika kila 100 wenye mteguko wa bega. Hata hivyo, huo wa nadra ndio unaopita machoni pa wasomaji wa picha bila kutambuliwa. Sababu yake si uzembe pekee. Imo katika namna picha yenyewe inavyotengenezwa.

2.0 Kile ambacho picha ya mbele huonyesha na kile inachoficha

Picha ya kwanza ya bega hupigwa mwale ukiingia mbele na kutokea nyuma. Picha hiyo huonyesha vizuri juu na chini, ndani na nje. Kina, yaani mbele na nyuma, hulaliana na kuwa kitu kimoja. 

Katika mteguko wa mbele, upungufu huo hauleti shida. Kichwa kinapotoka mbele huvutwa pia chini na kuelekea ndani, kikatulia chini ya korakoidi, ambayo ni ncha ya kombe iliyochomoza mbele kama kidole kilichokunjwa. Msomaji huona kishimo kikiwa kimeachwa kitupu na kichwa kikiwa mahali pasipo pake. Hata asiye mzoefu hushtuka.

Katika mteguko wa nyuma, kichwa husogea karibu moja kwa moja nyuma, kwa kufuata ule mwelekeo ambao picha ya mbele haiwezi kuuonyesha. Kimo chake hakibadiliki sana. Kichwa huonekana kikitazamana na kishimo kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo balbu inapohitajika.

3.0 Balbu hutoka wapi?

Bega zima linapopigwa picha mkono ukiwa umezungushwa nje, kichwa cha humerasi hakina ulinganifu. Upande wa ndani ni mviringo laini, ilhali upande wa nje una kinundu kikubwa, mahali misuli ya kuzungusha bega inapojishikiza. Umbo lote hufanana na mpini wa bakora, uliopinda upande mmoja. 

Mkono ukizungushwa ndani, kinundu hicho huhamia mbele na kulaliana na kichwa katika picha. Ukingo wa nje hupoteza uvimbe wake, na kichwa huonekana mviringo pande zote mbili juu ya shingo nyembamba. Hiyo ndiyo balbu, au globu kwa wasemaji wengine, iliyosimama juu ya kitako chake. Mteguko wa nyuma huufunga mkono katika mzunguko wa ndani, na kwa sababu hiyo balbu huonekana. 

Kwa hiyo balbu ni ushahidi wa moja kwa moja wa mzunguko, na ni ushahidi wa mbali tu wa mteguko. Mgonjwa mwenye maumivu ya aina yoyote huweza kuukumbatia mkono tumboni wakati wa kupigwa picha, na balbu ikatokea katika bega lisiloteguka. Msomaji anayeitangaza kila balbu kuwa mteguko hukosea. Anayeidharau kwa kuwa balbu nyingi hazina maana hukosea zaidi.

4.0 Mfano

Mwanamume wa miaka 34 mwenye kifafa anaamka baada ya kushikwa usiku, bega la kulia likiuma. Hakuanguka. Kifafa, pamoja na kupigwa na umeme, ni visababishi mashuhuri vya mteguko wa nyuma: misuli yote hukaza kwa pamoja, na ile inayozungusha mkono ndani, ambayo ina nguvu zaidi, hukisukuma kichwa nyuma. Picha ya mbele inasomwa kuwa haina mvunjiko wala mteguko, naye anarudishwa nyumbani na kitambaa cha kuning'iniza mkono.

Picha hiyo hiyo ikisomwa upya, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kichwa ni balbu. Pili, nafasi kati ya ukingo wa mbele wa kishimo na kichwa ni milimita 9, ilhali nafasi inayozidi milimita 6 hutiliwa shaka. Tatu, ndani ya kichwa kuna mstari mweupe wa wima, sambamba na ukingo wake wa ndani. Mstari huo ni alama ya bonde lililochimbwa mbele ya kichwa kilipogandamizwa kwenye ukingo wa nyuma wa kishimo. Katika mteguko wa mbele bonde la namna hiyo huwa nyuma ya kichwa, nalo hujulikana kwa majina ya Hill na Sachs, walioliandika mwaka 1940.

Mgonjwa anaporejea, anaambiwa abane viwiko ubavuni na kuzungusha mikono nje. Wa kushoto unakwenda. Wa kulia unagoma kabisa, hata anaposaidiwa. Ugumu huo unaitilia nguvu balbu: mkono haukukumbatiwa tu, umefungwa.

5.0 Picha ya pili

Uamuzi hutolewa na picha inayoonyesha kina. Picha ya kwapani hupigwa mkono ukiwa umeinuliwa kidogo kutoka ubavuni, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ndani yake korakoidi huonyesha upande wa mbele, na kichwa cha mgonjwa huyu kinaonekana kimeuvuka ukingo wa nyuma wa kishimo. Asiyeweza kuinua mkono hupigwa picha ya ubavu wa kombe, ambamo kombe huchora herufi Y. Kichwa kilicho mahali pake hukaa kwenye makutano ya matawi. Kikielekea korakoidi kimetoka mbele, kikielekea akromioni, yaani paa la bega, kimetoka nyuma. Picha ya Y iliyopigwa kwa kupinda huweza kupotosha, na shaka ikibaki hutumika picha ya CT.

Kuchelewa kuna gharama. Wiki zinavyopita bonde hupanuka, na baada ya takriban wiki 3 kurudisha bega bila upasuaji huwa kugumu.

6.0 Hitimisho

Mteguko wa mbele hujulikana kwa mahali kichwa kilipohamia. Wa nyuma hushukiwa kwa namna kilivyozunguka, kisha huthibitishwa kwa picha ya pili. Sitiari ya balbu humfaa msomaji iwapo ataichukulia kuwa swali: je, mkono huu unaweza kuzunguka nje? Jibu la swali hilo halimo katika picha ya mbele.