Je, Wajua? Kasoro ndogo ya picha kubwa hutengenezwa kwa kipande

Chukua picha ya harusi iliyopigwa Msangano, wilayani Momba, ikaskaniwa kwa pikseli 4000 kwa 3000. Mkunjo umepita kwenye jicho la bibi harusi, na uso wake una upana wa pikseli 200 tu.

Ukitaka kuutengeneza mkunjo huo, programu ya Stable Diffusion XL, iliyotoka mwaka 2023, hufanya kazi vizuri kwenye picha ya pikseli 1024 kwa 1024 hivi. Ukiipunguza picha nzima hadi upana huo, uso unabaki na pikseli 51. Tena, programu hubana kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 kuwa chembe moja, kwa hiyo uso wote unapata chembe 6 tu kwa upana. Jicho litatoka limevurugika.

Dawa ni kukata mraba wa pikseli 512 kuuzunguka uso, kuukuza hadi 1024, kupaka mkunjo peke yake, kisha kuiacha programu ijaze sehemu uliyopaka. Sasa uso una pikseli 400. Ukimaliza, punguza kipande hadi 512 na urudishe sehemu uliyopaka tu, kingo zake zikiwa zimelainishwa.

Usikate kwa kubana mno: programu isipoona mwanga unatoka wapi, kivuli kitaangukia upande usio wake. Mwishoni kuza picha uikague. Sehemu laini kuliko jirani zake inahitaji kuongezewa chengachenga za filamu.

Kumbuka, jicho hilo limebuniwa. Lisitumike kumtambua mtu.