Mfuko Mweupe Kabla ya Uyoga

Mfuko wa mabua ya mpunga uliopandwa uyoga mamama unaweza kukaa wiki tatu bila kutoa hata kofia moja. Anayeanza kulima hudhani mbegu zimekufa, kumbe humo ndani ndimo uyoga unamopitisha sehemu kubwa ya maisha yake.

Maisha hayo huanzia kwenye spora, chembe ndogo mno zinazodondoka kutoka kwenye mikunjo iliyo chini ya kofia. Spora ikitua penye unyevu na chakula huota uzi mwembamba. Uzi huo peke yake hauzai uyoga. Sharti ukutane na uzi wa spora nyingine unaoafikiana nao. Nyuzi zikiungana, viini vya pande zote mbili hukaa pamoja ndani ya kila seli bila kuchanganyika, na utando unaotokana nazo ndio unaoweza kuzaa. Viini huja kuwa kimoja baadaye sana, kwenye mikunjo ya kofia, na hapo spora mpya hutengenezwa.

Mkulima hupokea maisha haya njiani. Mbegu anazonunua kwa kawaida ni punje za nafaka, kama mtama, zilizokwisha kuenewa na utando uliokomaa kwa kuzaa. Kwa kilo 5 za mabua yaliyolowa, gramu 200 zinatosha. Mabua hukatwakatwa, hulowekwa usiku kucha, kisha hukaa kwenye maji ya nyuzi joto 70 hadi 80 kwa saa moja au mbili ili ukungu mwingine upungue. Yachuje na uyaache yapoe kabisa, maana joto huua mbegu. Ukiyaminya kwa nguvu yatoe matone machache tu. Yakichuruzika, yatakosa hewa na kunuka uchachu.

Mfuko ukifungwa na kuwekwa gizani, utando hutambaa ukila mabua hadi yote yawe meupe. Doa la kijani ni ukungu mshindani: utoe mfuko huo nje ya banda bila kuufungua.

Weupe ukienea, badilisha mazingira. Toboa mfuko, ingiza hewa safi na mwanga hafifu, nyunyizia maji sakafuni na kutani. Hewa chafu inapopungua, utando hujikusanya kuwa vinundu, navyo hukua kuwa uyoga kamili kwa siku tatu hadi tano hivi. Mashina yakirefuka na kofia zikabaki ndogo, banda linahitaji hewa zaidi. Vinundu vikikauka, ongeza unyevu.

Chuma kingo za kofia zikiwa bado zimeinamia chini. Ukichelewa, spora humwagika kama vumbi jeupe, na kulivuta kila siku hudhuru mapafu. Ng'oa kichala kizima bila kuacha mashina yaozee hapo, kisha endelea kunyunyizia: utando ungali na chakula, na mavuno ya pili huja baada ya wiki moja au mbili.