Maneno na Tarakimu Zikitofautiana

Mkataba wa mkopo unasema “Sh 1,500,000 (shilingi milioni moja na elfu hamsini)”. Tofauti ni Sh 450,000. Kwa hundi na hati za ahadi ya kulipa, sheria ya Tanzania na ya Kenya iko wazi: kiasi cha maneno ndicho kinachofuatwa, kwa kuwa tarakimu huharibika kwa sifuri moja tu. Katika mkataba wa kawaida, maneno huanza na uzito huo, lakini ushahidi unaweza kuyashinda. Hapa jedwali la marejesho linaonyesha miezi 12 ya Sh 125,000, bila riba, na taarifa ya benki inaonyesha Sh 1,500,000 ziliingia. Basi maneno ndiyo yaliyokosewa.

Kabla ya kusaini, dai ukurasa uchapwe upya. Mkishasaini, usifute chochote peke yako. Hilo laweza kuonekana kughushi. Andikeni hati fupi ya marekebisho inayotaja kifungu na kiasi sahihi, isainiwe na pande zote mbele ya mashahidi, mdhamini akiwemo. Asiposaini yeye, anaweza kukataa kudaiwa kiasi kilichosahihishwa.