Deni la Gunia, Deni la Hisa

Tuseme mwenye duka wa Biryogo amekopa kwa jirani yake gunia la mchele, akaahidi kurudisha gunia kama lile. Analiuza siku hiyo hiyo kwa faranga 30,000, kwa matumaini kwamba mavuno yatashusha bei. Bei ikishuka hadi 20,000, atanunua gunia jingine, atalirudisha na kubaki na faranga 10,000. Ikipanda hadi 70,000, jirani bado anadai gunia, na faranga 40,000 zitamtoka mfukoni. Hakukopa fedha, amekopa kitu, na bei ya kitu haimngoji mdaiwa. Kuuza hisa za kukopa ni biashara hii hii, na hatari yake yote imo katika aina hiyo ya deni.

Kwenye soko la hisa, anayeamini kwamba bei ya kampuni fulani itashuka humwendea dalali, naye humtafutia hisa za mwekezaji mwingine. Huziuza kwa bei ya siku hiyo, lakini fedha za mauzo hazichukui akaondoka nazo: hushikiliwa kama dhamana, na juu yake huongeza akiba yake mwenyewe. Humlipa mwenye hisa ada ya kukopa, na kampuni ikitoa gawio katika kipindi hicho, mkopaji ndiye anayelifidia. Mwisho hununua idadi ile ile sokoni na kuirudisha. Kenya iliiwekea biashara hii kanuni mwaka 2017.

Hisa za Safaricom zinatupa hesabu iliyo wazi. Juni 2008 ziliingia Soko la Hisa la Nairobi baada ya kuuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Tuchukulie kwamba mtu angeweza wakati huo kukopa hisa 1,000 na kuziuza kwa bei hiyo, akapata shilingi 5,000. Mapema 2009 bei ilishuka chini ya shilingi 3, kwa hiyo angenunua kwa chini ya 3,000 na faida yake ingezidi 2,000. Hata kampuni ingekufa kabisa na hisa zake kukosa thamani, asingepata zaidi ya zile 5,000 za mauzo, kwa sababu bei haishuki chini ya sifuri. Lakini angeng'ang'ania hadi Agosti 2021, bei ilipopita shilingi 40, angehitaji zaidi ya 40,000 ili kulipa deni lililoanzia kwenye mauzo ya 5,000. Hasara ingezidi 35,000, bila kuhesabu ada na magawio ya miaka yote hiyo.

Msomaji anaweza kusema kwamba mnunuzi wa kawaida naye hupoteza kila kitu kampuni ikifa. Ni kweli, ila hasara yake aliijua siku aliyolipa. Isitoshe, aliyenunua akikosea, thamani ya alichonacho hupungua, na kosa lake hupungua uzito katika mali yake yote. Aliyekopa akikosea, deni hukua kila bei inapopanda, na dalali humtaka aongeze dhamana. Akishindwa, dalali hununua hisa kwa niaba yake kwa bei yoyote iliyopo. Anaweza kuwa sahihi kuhusu kampuni, lakini akatolewa sokoni kabla ukweli haujajitokeza.

Wengine, wakiambiwa kwamba hasara hii haina kikomo, husema kwamba hakuna bei inayopanda hadi mbinguni, na kwamba inatosha kumwagiza dalali anunue mara bei ifikapo kiwango fulani. Lakini kusema hasara haina kikomo ni kusema kwamba hakuna kiwango kilichoandikwa popote ambacho haiwezi kukivuka. Na agizo hufanya kazi pale tu penye muuzaji kwa bei hiyo. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2008, Porsche ilitangaza kwamba ina hisa na mikataba ya hisa inayofikia jumla ya asilimia 74.1 ya Volkswagen. Jimbo la Saksonia ya Chini lilikuwa na karibu asilimia 20, hivyo zilizobaki sokoni zilikuwa takriban asilimia 6, pungufu ya zile zilizokuwa zimekopwa na kuuzwa. Ijumaa bei ilikuwa kama yuro 210. Jumanne ilipita yuro 1,000. Aliyeweka agizo la yuro 250 alikuta soko la Jumatatu limefunguliwa juu zaidi, kwa kuwa kati ya Ijumaa na Jumatatu bei iliruka bila kupitia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza hisa ya kukopa, usiulize tu kama kampuni ni mbovu. Uliza ni hisa ngapi zimekwisha kukopwa, ni ngapi zimebaki sokoni, na una akiba ya kuongeza dhamana mara ngapi. Ukikosa jibu la swali hata moja kati ya hayo, usiuze kisicho chako.