Dhahabu hufuata dola ya mtaani

1/ Huku Umoja, mjadala wa dola ukianza hakosi wa kusema: "Serikali ipange tu bei." Mimi huwaambia waangalie Ethiopia.

2/ Kabla ya Julai 29, 2024, dola rasmi ilikuwa kama birr 57. Mtaani ilipita 100. Chukua gramu ya dhahabu ya dola 75: kwa bei rasmi ni birr 4,275, kwa dola ya 100 ni 7,500.

3/ Mtu wa magendo anaivusha mpaka, analipwa dola, anazibadilisha mtaani. Kwa hivyo anaweza kumlipa mchimbaji kuliko benki kuu, hata ikiongeza bonasi.

4/ Birr ilipoachiwa soko, dhahabu iliyouzwa benki kuu iliongezeka sana.

5/ Ukitaka dola halisi, gawanya bei ya gramu mtaani kwa bei ya dunia.