Mechi Moja, Odi Tatu

Jumamosi asubuhi, kijana mmoja amefungua kampuni tatu za kubeti kwenye simu. Mechi ni ile ile, na anachotaka ni kile kile: mabao yazidi 2.5. Ya kwanza inampa odi ya 1.85, ya pili 1.90, ya tatu 1.95. Wenzake kijiweni wanamcheka. Kwa dau la shilingi 10,000, kuhangaika kote huko kutamwongezea shilingi 1,000 tu, tena akishinda.

Kwa mechi moja, wana haki ya kucheka. Lakini tuseme kwa mwaka anabeti mara 200 kwa dau hilo hilo na kupatia mara 104. Ametoa milioni 2. Kwa odi ya 1.85 zinamrudia 1,924,000, yaani amepoteza 76,000. Kwa 1.95 zinarudi 2,028,000, na ana faida ya 28,000. Hajawa mtabiri bora hata kidogo.

Siri iko kwenye tozo ambayo kampuni huificha ndani ya odi. Ikiwa upande wa mabao mengi na ule wa mabao machache zote ni 1.85, gawa 1 kwa kila odi kisha ujumlishe: utapata 1.08. Hiyo 0.08 inayozidi ndiyo kivuli cha tozo. Kwa 1.95 pande zote inashuka hadi karibu 0.03. Ndiyo maana kwa 1.85 lazima upatie zaidi ya mara 54 katika 100 ili usipate hasara, ilhali kwa 1.95 ukizidi 51 kidogo umeponea.

Anayebahatisha tu, akapatia nusu kwa nusu, bado ataliwa: shilingi 50,000 badala ya 150,000. Na makato ya kuweka na kutoa pesa kwa simu katika kampuni tatu yanaweza kuimeza ile nyongeza yote. Aangalie pia kama ni kitu kile kile kinachouzwa, kwani "zaidi ya 2.5" na "zaidi ya 3" si bidhaa moja.

Mwaka 2017 mtafiti Lisandro Kaunitz na wenzake wawili walichapisha jaribio lao. Hawakutabiri soka kabisa. Walichukua wastani wa odi za kampuni nyingi kama makadirio ya bei halali, wakasubiri kampuni moja itoe odi iliyopita wastani huo vya kutosha, wakabeti hapo. Kwa pesa zao wenyewe waliweka madau 265, wakapata faida ya dola zaidi ya 900.

Kisha kampuni zikaanza kuwabana. Mara dau linakatwa, mara linataka kukaguliwa kwanza na mfanyakazi, na odi nzuri haingoji. Baada ya miezi michache wakaacha.