Kitufe na Menyu Kutoka Kiwanda Kimoja

Kampuni ya Sun Microsystems ilipotoa Java 1.0 mwaka 1996, iliwaahidi waandishi wa programu jambo kubwa: andika programu mara moja, nayo itafanya kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote. Kwa upande wa hesabu na maandishi, ahadi hiyo ilitimizika bila taabu kubwa. Kazi ilikuwa kwenye kile kinachoonekana kwa macho. Kitufe cha Windows 95 kilikuwa na sura yake na cha Macintosh sura yake, na kwenye mashine za Solaris, zilizotumia vifaa vya Motif, vitufe vilikuwa na kingo nene zenye kivuli, kana kwamba vimechongwa. Mtu aliyezoea mfumo mmoja hutambua mara moja programu iliyovaa sura ya mfumo mwingine, na mikono yake husitasita.

Njia inayomjia haraka mwandishi wa programu ni kuuliza kila mara. Panapohitajika kitufe, programu inauliza: tuko Windows au Motif? Panapohitajika menyu, inauliza tena, na kwenye mwambaa wa kusogeza ukurasa vilevile. Swali lilelile linatapakaa kwenye mafaili yote. Siku mfumo wa tatu unapoongezwa, lazima kila swali litafutwe na kujibiwa upya, na likisahaulika moja tu, hakuna anayejua mpaka mtumiaji afungue ile skrini isiyofunguliwa mara kwa mara.

Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu cha ruwaza za usanifu wa programu, na mfano wao ulikuwa huuhuu: kihariri cha maandishi kinachotakiwa kuonekana vizuri kwenye Motif na pia kwenye Presentation Manager, kiolesura cha mfumo wa OS/2. Dawa waliyoieleza ni kiwanda dhahania. Swali la mfumo linaulizwa mara moja tu, programu inapowaka. Jibu lake si kitufe, bali ni kiwanda kizima, na kuanzia hapo kila kifaa cha skrini kinaombwa kwenye kiwanda hicho.

```java
interface Kiwanda {
    Kitufe tengenezaKitufe(String maandishi);
    Menyu tengenezaMenyu();
    Mwambaa tengenezaMwambaa();
}
```

Kiwanda hiki chenyewe hakitengenezi kitu. Ni mkataba tu: anayetaka kuitwa kiwanda lazima ajue kutengeneza vitu hivi vitatu. Halafu kuna viwanda halisi, tuseme `KiwandaWindows` na `KiwandaMotif`, na kila kimoja kinatimiza mkataba kwa vifaa vya kwao. Sehemu nyingine zote za programu zinajua mkataba peke yake:

```java
Kitufe hifadhi = k.tengenezaKitufe("Hifadhi");
Menyu faili = k.tengenezaMenyu();
```

Ukiisoma mistari hii huwezi kujua uko kwenye mfumo gani, na faida iko hapo. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vya chapa moja, ili anayenunua asiondoke dukani na kimoja cha buluu na kingine cha kijani. Kiwanda kinafanya vivyo hivyo: maadamu `k` ni mmoja, kitufe na menyu vitatoka ukoo mmoja, hata mwandishi akiwa mchovu au mgeni kwenye kazi. Usalama huo uko ndani ya umbo la programu lenyewe, hautegemei kumbukumbu ya mtu.

Sun walilifanya jambo hili karibu neno kwa neno. Ndani ya Java kuna darasa liitwalo `java.awt.Toolkit`, na mwanzoni lilikuwa na kazi kama `createButton`, `createScrollbar` na `createCheckbox`. Kwenye Windows kiwanda halisi kilikuwa `WToolkit`, na kwenye Solaris kilikuwa `MToolkit`. Mwandishi wa kawaida hakuviona kabisa. Aliandika `new Button("Hifadhi")`, na kitufe chake kilipokuwa tayari kuonyeshwa, kiliomba kiwanda kimpatie mwenza, yaani kitufe halisi cha mfumo husika. Kitufe cha Java kilikuwa jina, na mwenza ndiye aliyebonyezwa.

Gharama ya mpango huu ilijitokeza upesi. Kuongeza mfumo mpya ni rahisi: unaandika kiwanda kimoja zaidi, na sehemu nyingine hazijui kilichotokea. Kuongeza aina mpya ya kifaa ndiko kugumu. Tuseme unataka jedwali. Lazima `tengenezaJedwali` iingie kwenye mkataba, na papo hapo kila kiwanda kilichokwisha kuandikwa kinakuwa hakijatimiza mkataba na kinakataa kupita kwenye kikusanyaji. Na kama mfumo mmoja hauna jedwali la kwake, kiwanda chake kitoe nini? Kwa sababu hiyo Java ya mwanzo ilibaki na vile vifaa vilivyopatikana kila mahali: kitufe, lebo, orodha, kisanduku cha tiki na vingine vichache. Jedwali halikuwamo.

Swing, iliyoingia rasmi na Java 1.2 mwaka 1998, ilichukua njia nyingine. Vifaa vinachorwa na Java yenyewe, na sura yake inatafutwa kwa jina, kama `"ButtonUI"`, kwenye daftari la sura iliyochaguliwa. Kuongeza aina mpya sasa ni kuongeza mstari kwenye daftari, mkataba haujaguswa. Ila ulinzi umepungua: jina likikosewa, kikusanyaji hakioni kitu, na kosa linatokea programu ikiwa inaendeshwa. Kwa maoni yangu badiliko hilo lilistahili, kwa kuwa aina za vifaa huongezeka mara nyingi kuliko mifumo.

Swing pia imeleta kosa ambalo ukilijua hutalisahau. Mtu anafungua dirisha, kisha baadaye anaita `UIManager.setLookAndFeel`. Vifaa vilivyokwisha kutengenezwa vinabaki na sura ya zamani, na vinavyotengenezwa baadaye vinapata sura mpya. Dalili yake ni dirisha moja lenye vitufe vya juu vya maandishi yaliyokozwa, sura ya Metal ya Java, na vya chini vya Windows. Tiba ni kuchagua sura kabla ya dirisha la kwanza kutengenezwa. Kama umechelewa, ita `SwingUtilities.updateComponentTreeUI` ukiipa dirisha hilo, ili kila kifaa kilichomo kivishwe upya.

Kuna jambo moja ambalo kiwanda cha vitufe hakiwezi kulitatua hata kikiandikwa vizuri namna gani. Kwenye Windows kitufe cha kukubali hutangulia, kisha cha kughairi hufuata. Kwenye Mac, cha kukubali hukaa mwisho upande wa kulia. Kila kitufe kinaweza kuwa na sura sahihi kabisa, na bado mtumiaji akabonyeza Ghairi kwa mazoea ya mkono, kazi yake ikapotea. Kiwanda kinachotoa kifaa kimoja kimoja hakina neno juu ya mpangilio. Njia ni kukipandisha daraja: badala ya vitufe viwili, kitoe mstari mzima wa vitufe, nawe ukitajie tu kipi ni cha kukubali na kipi ni cha kughairi. Maktaba ya Qt ina kifaa cha namna hiyo, `QDialogButtonBox`: unakikabidhi vitufe pamoja na kazi ya kila kimoja, nacho kinavipanga kwa desturi ya mfumo kiliomo.